Mbona ujumbe wa kubadilisha nenosiri haufiki, na cha kukagua kwanza

Kila mwaka, siku chache kabla ya Juni 30, foleni hurefuka katika saiba za mijini na za vituo vya biashara mashambani. Hiyo ndiyo siku ya mwisho kwa Wakenya wenye nambari ya ushuru, yaani PIN, kuwasilisha taarifa za mapato yao ya mwaka uliotangulia. Wengi wa wanaopiga foleni hawajashindwa kujaza fomu. Wameshindwa kuingia. Nenosiri walilolitumia mara moja tu mwaka jana limesahaulika, wameomba jingine, na skrini imewaarifu kwamba ujumbe umetumwa kwa barua pepe. Wakifungua kikasha cha barua, hamna kitu. Wanaomba tena, bado hamna kitu. Na anayechelewa hutozwa faini ya shilingi 2,000 au asilimia 5 ya ushuru anaodaiwa, kutegemea kiasi kipi ni kikubwa zaidi.

Dhana inayomjia mtu kwanza ni kwamba ujumbe umepotea njiani, au kwamba mtambo wa wenyewe umeharibika. Mitambo huharibika, hilo halipingiki, lakini si mara nyingi. Barua pepe haipotei kama bahasha inayoanguka kutoka kwenye gunia la posta. Kila seva inayoipokea hutoa jibu kwa ile iliyoituma: imekubaliwa, imekataliwa, au ijaribiwe tena baadaye. Kwa hivyo ujumbe usiofika huwa na maelezo, nayo ni machache. Pengine haukutumwa kamwe. Pengine ulitumwa kwa anwani nyingine. Pengine umefika, ila umewekwa mahali ambapo mwenyewe hapachunguzi. Au pengine ulikataliwa mlangoni.

Watu wengi huanza kwa kupekua kijalada cha barua taka, na wasipoupata hukata tamaa. Huko ni kuanzia katikati. Swali linalostahili kutangulia ni hili: akaunti hiyo ilisajiliwa kwa anwani gani ya barua pepe? Hadi swali hilo lijibiwe kwa ushahidi wala si kwa kukisia, upekuzi wowote mwingine ni kazi bure.

Skrini inasema nini hasa

Mtu aliyesahau nenosiri anapoandika anwani yake na kubofya kitufe, tovuti nyingi humjibu kwa sentensi ya Kiingereza yenye maana kwamba, iwapo kuna akaunti iliyosajiliwa kwa anwani hii, ujumbe umetumwa. Aghalabu msomaji huikamata nusu ya mwisho tu. Neno lenye uzito hapo ni lile la kwanza, "iwapo". Tovuti haijasema kwamba imetuma chochote.

Lugha hiyo ya mafumbo imechaguliwa kwa makusudi. Kama tovuti ingekuwa ikijibu waziwazi kwamba anwani fulani haina akaunti, tapeli angeweza kuijaribu kwa maelfu ya anwani na kujua nani ana akaunti katika benki ipi, katika tovuti ipi ya kamari, au katika huduma ipi ya matibabu. Ndiyo maana wajenzi wa tovuti hushauriwa watoe jibu lile lile, anwani iwe imo au haimo. Ushauri huo ni mwema, ila gharama yake humwangukia mteja mwaminifu aliyekosea anwani. Yeye huambiwa maneno yale yale anayoambiwa aliyepatia, kisha huachwa akisubiri ujumbe ambao hakuna aliyeuandika.

Na kukosea anwani ni rahisi kuliko inavyodhaniwa. Chukua mfano wa nukta katika anwani za Gmail. Kwa Google, nukta zilizo kabla ya alama ya @ hazina maana yoyote: anayeandikiwa kwa jina lenye nukta na anayeandikiwa kwa jina lile lile bila nukta ni mtu mmoja, na barua zote huingia katika kikasha kimoja. Kwa tovuti aliyojisajilia mtu huyo, hata hivyo, hayo ni maandishi mawili tofauti. Aliyejisajili kwa nukta miaka mitano iliyopita na leo akaandika bila nukta, tovuti humhesabu kuwa mgeni, nayo hunyamaza. Vivyo hivyo kwa kosa la uchapaji wakati wa kujisajili. Aliyeandika gmail.con badala ya gmail.com alijifungulia akaunti ambayo ujumbe wake hauna pa kwenda, na hatajua hilo hadi siku atakaposahau nenosiri.

Kuna pia wale ambao hawakuwahi kuwa na nenosiri. Siku walipojisajili walibofya kitufe cha kuingia kwa akaunti ya Google au ya Facebook, na tovuti ikawapokea kwa dhamana hiyo. Wanapoomba nenosiri jipya, baadhi ya tovuti hazitumi kitu kwa sababu hamna nenosiri la kubadilishwa. Dawa yake ni kurudi kwenye ukurasa wa kuingilia na kukibofya kitufe kile kile. Wengine walijisajili kwa nambari ya simu tu, na ujumbe wao huja kwa njia ya arafa; kama laini ile ilikwisha kufungwa, barua pepe haiwezi kuwasaidia.

Namna ya kuipata anwani iliyosajiliwa ni kutafuta barua za zamani, wala si kuisubiri mpya. Huduma nyingi hutuma kitu wakati fulani: barua ya kumkaribisha mteja, risiti, taarifa ya mabadiliko ya masharti. Mwenye anwani mbili au tatu na azifungue zote, na katika kila moja atafute jina la huduma ile. Katika Gmail, maneno haya yakiandikwa kwenye kisanduku cha kutafutia hupekua kila mahali, pamoja na barua taka na zilizotupwa:

```
in:anywhere from:kra.go.ke
```

Sehemu inayofuata from: hubadilishwa kulingana na huduma inayohusika. Kikasha ambamo barua za zamani zitapatikana ndicho cha anwani iliyosajiliwa. Na iwapo akaunti ina umri wa miaka kadhaa lakini hakuna hata barua moja ya huduma hiyo katika kikasha kizima, huo ni ushahidi mzito kwamba anwani ile siyo. Baadhi ya tovuti husaidia kwa kuonyesha sehemu ya anwani, herufi ya kwanza na ya mwisho pengine, na zilizobaki zikafichwa kwa nyota. Aghalabu sehemu inayofuata alama ya @ haifichwi. Mtu anayesubiri ujumbe katika Gmail huku skrini ikionyesha yahoo.com amekwisha kupata jibu lake.

Anwani ya mhudumu wa saiba

Nchini Kenya swali hili la anwani lina historia yake. Mamilioni ya watu waliingia katika huduma za serikali za mtandaoni kupitia saiba, wengi wao wakati ambapo hawakuwa na simu ya kisasa wala haja ya barua pepe. Fomu ilidai anwani. Mteja hakuwa nayo. Mhudumu, akiwa na watu wengine kumi wanaomngoja, alikuwa na njia mbili za haraka: ama aandike anwani yake mwenyewe, ama amfungulie mteja anwani mpya papo hapo na kumwandikia nenosiri lake kwenye kikaratasi. Kikaratasi kilipotea kabla ya mwezi kwisha.

Tuseme kuna mwalimu wa shule ya msingi aliyesajiliwa katika mtandao wa iTax kwa njia hiyo mwaka 2015. Kwa miaka yote iliyofuata alimwachia mtu wa saiba kazi ya kumjazia taarifa. Mwaka huu saiba ile imefungwa, naye ameamua kuifanya kazi hiyo mwenyewe kwa simu yake, akiwa na fomu ya P9 aliyopewa na mwajiri. Ni Juni 27. Anaandika PIN, anaomba nenosiri jipya, kisha anafungua Gmail. Hamna kitu. Anapekua barua taka, hamna kitu. Anaomba mara ya pili na ya tatu.

Jambo la kuzingatia hapa ni kwamba, katika ukurasa ule, mwalimu hakuandika anwani yoyote ya barua pepe. Aliandika PIN. Mtambo ukachukua PIN, ukatafuta anwani iliyoandikwa kando yake mwaka 2015, ukatuma ujumbe huko. Gmail aliyo nayo mwalimu leo haikuhusika hata kidogo. Hata angeiomba mara 20, ujumbe ungekuwa ukienda kule kule.

Anapotafuta barua za kra.go.ke katika kikasha chake hapati hata moja, ilhali taarifa zake za mapato zimekuwa zikiwasilishwa kila mwaka na stakabadhi zake kutolewa. Basi zilikuwa zikienda kwingine. Kinachomfunulia ukweli ni cheti chake cha PIN, karatasi aliyoiwasilisha alipoajiriwa na ambayo nakala yake ipo nyumbani. Chini ya jina la mlipaushuru, cheti hicho huwa na mstari wa anwani ya barua pepe. Mwalimu anasoma jina lake na namba mbili, kisha yahoo.com. Ndiyo anwani aliyofunguliwa siku ile, na hakuwahi kuifungua tena.

Hapo panahitajika maarifa kidogo kuhusu uhai wa anwani za barua pepe, kwa maana watu wengi hudhani kwamba anwani ikishafunguliwa hudumu milele. Yahoo hufunga kikasha ambacho mwenyewe hajakiingia kwa muda wa miezi 12, na barua zinazoelekezwa huko hukataliwa. Mwaka 2013 kampuni hiyo ilikwenda mbali zaidi, ikawagawia watu wengine majina ya akaunti zilizokuwa zimetelekezwa. Google nayo, tangu Desemba 2023, hufuta akaunti za watu binafsi ambazo hazijatumiwa kwa miaka miwili. Anwani ya mwalimu imekufa, na kila ujumbe anaouomba unagonga mlango wa nyumba iliyobomolewa.

Katika hali hiyo hakuna kukagua barua taka kutakakosaidia, wala kusubiri hadi asubuhi. Anwani iliyosajiliwa sharti ibadilishwe na wenye mtambo wenyewe, baada ya kuthibitisha kwamba anayeomba ndiye mwenye PIN. Kwa PIN ya ushuru, njia isiyo na mashaka ni kufika katika ofisi ya ushuru au meza ya KRA katika kituo cha Huduma akiwa na kitambulisho cha taifa, na kuomba anwani ibadilishwe iwe ile anayoitumia. Baada ya hapo ndipo aombe nenosiri upya. Mwalimu aliyelifahamu hilo tarehe 27 ana siku tatu za kulitengeneza. Aliyezitumia siku hizo akibofya kitufe cha kuomba hatakuwa nazo.

Hali huwa tofauti kidogo iwapo anwani iliyoandikwa ni ya mhudumu mwenyewe na bado inafanya kazi. Basi ujumbe umefika, ila kwa mtu mwingine, na kumpigia simu kunaweza kumaliza jambo kwa dakika mbili. Wahudumu wengi ni waungwana, nao hupokea simu kama hizo kila Juni. Lakini anayepokea ujumbe wa kubadilisha nenosiri ndiye mwenye ufunguo wa akaunti, awe ameomba au hakuomba. Kwa hivyo kazi ya kwanza baada ya kuingia, kabla hata ya kugusa fomu, ni kuiondoa anwani ile na kuweka ya mwenyewe.

Umefika, lakini hauonekani

Iwapo ushahidi umeonyesha kwamba anwani ni sahihi na ni yake mwenyewe, ndipo upekuzi wa kikasha unapokuwa na maana. Watumiaji wa Gmail waelewe kwamba kile wanachokiona kwenye simu si barua zote. Kuna kijalada cha Spam, ambacho yaliyomo hufutwa baada ya siku 30, na kuna vitengo vya Promotions na Updates ambavyo huchukua barua za makampuni na kuziweka kando. Katika Outlook kijalada cha barua taka huitwa Junk, na kikasha chenyewe hugawika katika Focused na Other. Badala ya kufungua kimoja kimoja, ni afadhali kutafuta kila kitu kilichoingia tangu jana:

```
in:anywhere newer_than:1d
```

Utafutaji huo una faida ya ziada. Mara nyingi mtu hupekua kwa jina la huduma, kumbe ujumbe umetumwa kwa jina la kampuni iliyojenga mtambo, au kwa jina lisilo na maana kama no-reply. Anayeangalia kwa tarehe hapotezwi na jina.

Mahali pa pili pa kuangalia ni vichujio. Kichujio ni amri ambayo mwenye kikasha huiweka ili barua za aina fulani zihamishwe, zisomwe kama zilizokwisha kusomwa, au zitupwe moja kwa moja. Wengi waliviweka zamani ili kuepuka matangazo, wakasahau. Katika programu ya Gmail ya simu vichujio havionekani. Sharti mtu aingie kwa tarakilishi, afungue mipangilio na kuingia sehemu iitwayo Filters and Blocked Addresses. Akiwa hapo hapo aangalie pia sehemu inayohusu kuelekeza barua kwa anwani nyingine, Forwarding and POP/IMAP. Akikuta kichujio ambacho hakumbuki kukiweka, hasa kinachotupa barua zenye neno password au zitokazo kwa benki, au akikuta barua zake zinapelekwa kwa anwani asiyoijua, asidhani ni hitilafu. Hiyo ni mbinu ya kawaida ya mtu aliyekwisha kuingia katika barua pepe ya mwingine na asiyetaka mwenyewe aone ujumbe unaomwonya. La kufanya ni kubadilisha kwanza nenosiri la barua pepe yenyewe, kuondoa vifaa vyote visivyojulikana, kisha kufuta vichujio hivyo.

Mbona ujumbe halali unatupwa katika barua taka? Kwa kawaida kosa si la mpokeaji. Tovuti inayotuma barua hutakiwa kutangaza hadharani, katika kumbukumbu za kikoa chake, ni seva zipi zina idhini ya kutuma kwa jina lake, na kuzitia barua zake sahihi ambayo mpokeaji anaweza kuithibitisha. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo zimekaza masharti hayo. Benki kubwa na wizara nyingi huyatimiza. Chama kidogo cha akiba au chuo ambacho tovuti yake ilijengwa na kijana mmoja aliyekwisha kuhama huenda hakiyatimizi, na barua zake huishia katika Spam au hukataliwa kabisa. Dalili yake ni kwamba wateja wengi wa huduma ile wana kilio kile kile, hasa wenye anwani za aina moja. Mteja hawezi kulitengeneza hilo akiwa kwake. Anaweza tu kuwaarifu wenye tovuti.

Kikasha kilichojaa

Sababu hii imezidi kuwa ya kawaida tangu simu zianze kupakia picha mtandaoni zenyewe. Google humpa kila mtu nafasi ya gigabaiti 15 bila malipo, lakini nafasi hiyo ni ya barua, picha na majalada kwa pamoja. Picha na video za harusi mbili zaweza kuimaliza. Inapojaa, barua mpya hazipokelewi, na taarifa ya kukataliwa huenda kwa aliyetuma, wala si kwa mwenye kikasha. Yeye huona kimya tu.

Jaribio lake ni jepesi: mtu atumie anwani nyingine, au amwombe rafiki, kutuma barua ya neno moja. Isipofika, tatizo ni kikasha, si tovuti. Ikifika mara moja, kikasha kina afya na uchunguzi urudi kwingine. Anayehitaji nafasi upesi anaweza kutafuta barua nzito kwa maneno larger:10M, azifute, kisha afute pia kilichomo katika Trash, kwa sababu barua iliyotupwa huendelea kuhesabiwa hadi pipa lenyewe limwagwe.

Kusubiri, na kutoomba ovyo

Ujumbe mwingi wa aina hii hufika kwa muda usiozidi dakika moja au mbili. Hata hivyo kuna seva za makampuni na vyuo ambazo, zikiona mtumaji mgeni, humwambia kwanza arudi baadaye. Seva halali hurudi. Zile za matapeli aghalabu hazirudi, na hivyo ndivyo zinavyochujwa. Kurudi huko kunaweza kuchukua nusu saa au zaidi, kwa mujibu wa ratiba ya anayetuma. Anwani ya kazini pia huwa na karantini, ambamo barua zinazotiliwa shaka huzuiliwa bila mwenyewe kuziona hata katika Junk. Anayesimamia mitambo ya ofisi ndiye awezaye kuifungua na kusema ujumbe uliingia saa ngapi na ukapelekwa wapi.

Kosa linalofanywa katika kipindi hicho cha kusubiri ni kubofya tena na tena. Katika tovuti nyingi ombi jipya hukifuta kiungo cha ombi la awali. Mtu aliyeomba mara nne hatimaye hupokea barua nne kwa pamoja, hufungua ya kwanza, na kuambiwa kwamba kiungo hakifai. Huomba ya tano, na mzunguko ukaanza upya. Isitoshe, tovuti nyingine huacha kutuma kabisa kwa muda zinapoona maombi mengi kutoka kwa mtu mmoja, na huenda zisimwambie. Ni bora kuomba mara moja, kungoja dakika 30, na barua zikija zaidi ya moja, kufungua ile ya mwisho kutumwa. Viungo hivyo navyo vina umri: baadhi hufa baada ya dakika 15, vingine baada ya saa moja au siku nzima.

Limesalia jambo moja ambalo mteja hawezi kuliona, na ambalo hata wahudumu wengi wa dawati la simu hawalijui. Makampuni yanayotuma barua kwa wingi hutunza orodha ya anwani zisizotumiwa kitu. Anwani huingia humo iwapo barua iliyotumwa zamani ilikataliwa kabisa, kwa mfano kwa kuwa kikasha kilikuwa kimefungwa, au iwapo mwenyewe alibofya kitufe cha kulalamika kwamba barua za kampuni ile ni taka. Yahoo na Microsoft huwapelekea watumaji taarifa za malalamiko kama hayo. Mtu aliyechoshwa na matangazo ya duka la mtandaoni akayaita taka anaweza, miaka miwili baadaye, kunyimwa ujumbe wa nenosiri wa duka lile lile, kwa kuwa mtambo umekatazwa kumwandikia chochote. Hata akifungua upya kikasha chake au akipunguza picha zake, jina lake litabaki katika orodha hadi mtu alitoe.

Ndiyo maana anayefika hatua ya kuwapigia simu au kuwaandikia wenye huduma asiseme tu kwamba ujumbe haufiki. Awape anwani anayotumia, tarehe na saa aliyoomba kwa usahihi wa dakika, kisha aulize maswali mawili: je, mtambo ulituma ujumbe saa hiyo, na seva ya mpokeaji ilijibu nini? Jibu hilo huwa ni namba, na mwenye idhini ya kuona kumbukumbu huipata kwa muda mfupi. Namba 250 ina maana kwamba ujumbe ulikubaliwa na seva ya mpokeaji, basi utafutwe katika kikasha chake au karantini ya ofisi yake. Namba inayoanza na 4, kama 452 4.2.2 ya kikasha kilichojaa, ina maana kwamba ulizuiliwa kwa muda na utajaribiwa tena. Inayoanza na 5, kama 550 5.1.1, ni kukataliwa kabisa: anwani haipo, na anayehusika sharti aibadilishe. Iwapo hakuna namba yoyote kwa sababu hakuna kilichotumwa, mhudumu aangalie kama anwani imo katika orodha ya zilizokatazwa, au kama haimo katika akaunti yoyote.

Maswali hayo yaulizwe kwa nambari ya simu au anwani iliyo katika tovuti rasmi ya huduma yenyewe. Wanaolalamika hadharani katika Facebook na X hujibiwa upesi na watu wanaojiita wahudumu, na ombi lao huwa lile lile: nambari ya kitambulisho, na ile tarakimu ya siri itakayoingia kwenye simu muda mfupi ujao. Mhudumu wa kweli anaweza kutaka kujua anwani na saa ya ombi. Tarakimu ile haimhusu, kwani hahitaji kuiona ili asome kumbukumbu za mtambo wake.